Siku saba kabla ya mtihani wa themodinamiki: anza na swali "entropia ya nani?"

Mwanafunzi anayesema entropia na nishati huru zinamshinda mara nyingi anazijua fomula zote. Mpe karatasi, atakuandikia ΔS = q/T, kisha ΔG = ΔH − TΔS, kisha ΔG° = −RT ln K, bila kusita. Halafu mpe swali hili: moli moja ya gesi imo upande mmoja wa chombo, upande wa pili ni ombwe. Kizuizi cha katikati kinaondolewa, gesi inajaza chombo kizima na ujazo wake unakuwa maradufu. Hakuna joto lililoingia wala kutoka. Je, entropia imebadilika kwa kiasi gani?

Wengi huandika sifuri, kwa sababu q ni sifuri. Jibu sahihi ni 5.76 J/K. Aliyeandika sifuri hakukosea hesabu, na kumrudishia fomula ileile mara kumi hakutamsaidia. Amekosa mambo mawili: hakujiuliza anatafuta entropia ya nani, na hakujiuliza q iliyo kwenye fomula ni q ya njia ipi. Wiki ya marudio ninayoieleza hapa imejengwa juu ya maswali hayo mawili. Nimeipanga kwa mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa kwanza chuoni ambaye mtihani wake ni Jumatatu ijayo na ana kama saa tatu kila siku. Wa kidato cha sita anaweza kuifuata vilevile, ila apunguze uzito wa Ijumaa kulingana na muhtasari wake.

Jumatatu: tafuta kosa lako ni la aina gani

Usianze kwa kusoma daftari. Chukua karatasi moja ya mtihani uliopita, fanya maswali ya entropia na nishati huru peke yake kwa saa moja, daftari likiwa limefungwa. Ukimaliza, linganisha na majibu. Usihesabu alama. Pembeni ya kila kosa andika aina yake, na utaona aina zenyewe ni chache sana: umechanganya mfumo na mazingira; umetumia joto la njia isiyofaa; umechanganya jouli na kilojouli, au selsiasi na kelvini; au umetumia ΔG° mahali palipohitaji ΔG. Kwa wanafunzi wengi, aina mbili kati ya hizo ndizo zinazobeba karibu makosa yote. Ukishazijua zako, unajua siku zipi za wiki hii uzikalie na zipi uzipitie haraka.

Muda unaobaki siku hiyo utumie kwenye kanuni ya kwanza, na kwa jambo moja tu: ishara. Vitabu vya kemia huandika ΔU = q + w, ambapo w ni kazi iliyofanywa juu ya mfumo. Vitabu vingi vya fizikia na uhandisi huandika ΔU = q − w, ambapo w ni kazi iliyofanywa na mfumo. Zote ni sahihi, lakini mwanafunzi anayesoma kozi mbili kwa muhula mmoja huzichanganya bila kujua. Angalia mhadhiri wako anatumia ipi, iandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la marudio, na usiibadilishe wiki nzima. Hakikisha pia unaelewa kwamba joto linaloingia kwenye mfumo wakati shinikizo halibadiliki ni sawa na ΔH, ikiwa kazi pekee inayofanyika ni ya kutanuka au kubanwa. Jumatano utalihitaji hilo sana.

Jumanne: gesi ileile, njia mbili

Siku hii usikimbie. Rudi kwenye ile moli moja ya gesi bora yenye halijoto ya 298 K inayotanuka hadi maradufu ya ujazo wake, na uikokotoe kwa njia mbili, kila njia kwenye ukurasa wake.

Njia ya kwanza ni rejeshi: gesi inasukuma pistoni polepole mno, na shinikizo la nje liko chini ya la ndani kwa kiasi kidogo kabisa, kiasi kwamba wakati wowote ungeweza kuurudisha mwendo nyuma. Halijoto haibadiliki, kwa hiyo kwa gesi bora ΔU ni sifuri, na kila jouli ya kazi inayotoka hulipwa na jouli ya joto inayoingia. Joto hilo ni RT ln 2, yaani 8.314 × 298 × 0.693, takriban 1,717 J. Ligawe kwa 298 K upate entropia ya gesi: imeongezeka kwa 5.76 J/K. Mazingira yametoa joto hilohilo kwa halijoto hiyohiyo, kwa hiyo entropia yao imepungua kwa 5.76 J/K. Jumla ni sifuri, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa njia rejeshi.

Njia ya pili ni ile ya ombwe. Gesi haisukumi kitu, kwa hiyo kazi ni sifuri. Nishati yake haikubadilika, kwa hiyo joto nalo ni sifuri. Sasa jiulize: gesi imeanzia wapi na imeishia wapi? Imeanza kwenye ujazo, halijoto na shinikizo vilevile, na imeishia kwenye ujazo, halijoto na shinikizo vilevile kama kwenye njia ya kwanza. Entropia ni sifa ya hali ya mfumo. Haijali gesi imefikaje hapo. Basi badiliko la entropia ya gesi ni lilelile, 5.76 J/K. Kilichobadilika ni mazingira: safari hii hayakutoa chochote, entropia yao imebaki ilivyokuwa, na jumla ni chanya, 5.76 J/K. Hiyo jumla chanya ndiyo inayokuambia kwamba gesi itajaza ombwe bila kusukumwa na haitarudi yenyewe upande mmoja.

Kwa hiyo fomula ya ΔS = q/T ina sharti lililofichwa, na afadhali ukaiandika hivi kila mara: ΔS = q(rejeshi)/T. Ukipewa mchakato usio rejeshi, usilitumie joto lake halisi kutafuta entropia ya mfumo. Buni njia rejeshi inayounganisha mwanzo na mwisho uleule, kokotoa joto la njia hiyo uliyoibuni, kisha gawa kwa halijoto. Rudolf Clausius, aliyeipa entropia jina lake mwaka 1865, aliijenga juu ya joto la njia rejeshi tangu mwanzo.

Kuna njia nyingine ya kulipata jibu hilohilo, na inafaa kwa mtu ambaye ameambiwa entropia ni "vurugu" na akabaki hajui avipimeje hivyo vurugu. Kwenye kaburi la Ludwig Boltzmann huko Vienna kumechongwa S = k log W, ambapo W ni idadi ya namna ambazo chembe zinaweza kupangika bila hali ya nje kubadilika, na log hapo ni logi asilia. Ujazo ukiwa maradufu, kila molekuli ina nafasi maradufu ya kukaa. Molekuli mbili zina mara nne, tatu mara nane, na moli nzima yenye molekuli N ina mara 2 kwa kipeo cha N. Chukua logi asilia, zidisha kwa k, unapata Nk ln 2. Kwa moli moja Nk ni R. Jibu ni R ln 2, yaani 5.76 J/K. Hukugusa joto hata kidogo. Ukiweza kuyafikia majibu mawili haya mwenyewe bila kutazama, umeshavuka sehemu ngumu zaidi ya wiki.

Kabla ya kulala fanya zoezi moja: kilo moja ya maji ya 80 °C inachanganywa na kilo moja ya maji ya 20 °C ndani ya chombo kisichopitisha joto. Halijoto ya mwisho ni 50 °C. Njia rejeshi ya kubuni ni kupasha au kupoza kila kilo hatua kwa hatua, na fomula inakuwa ΔS = mc ln(T₂/T₁), T ikiwa kwa kelvini. Kwa c ya 4,180 J kwa kilo kwa kelvini, maji ya moto yanapoteza takriban 371 J/K na ya baridi yanapata takriban 407 J/K. Jumla ni chanya, kama 36 J/K. Ukipata jumla kubwa mno, kama 1,865 J/K, kagua kama umeweka 80, 20 na 50 badala ya 353, 293 na 323.

Jumatano: mazingira nayo yana entropia

Leo unashughulika na barafu. Moli moja ya barafu inayeyuka kwa kuchukua 6.01 kJ. Kwa 273 K kuyeyuka ni rejeshi, kwa hiyo entropia ya maji yenyewe inaongezeka kwa 6,010 ÷ 273.15, yaani 22.0 J/K. Kwa hesabu ya leo tutachukulia kwamba 6.01 kJ na 22.0 J/K hazibadiliki halijoto ikisogea kidogo. Si kweli kabisa, lakini inatosha.

Weka barafu hiyo chumbani kwenye 298 K. Mfumo unapata 22.0 J/K. Mazingira yanatoa 6,010 J kwa 298 K, kwa hiyo yanapoteza 20.2 J/K. Jumla ni takriban +1.8 J/K. Barafu itayeyuka. Sasa iweke kwenye friza ya 263 K, yaani −10 °C. Mfumo ukiyeyuka ungepata 22.0 J/K ileile. Mazingira yangetoa joto lilelile, 6,010 J, lakini kwa 263 K hasara yao ni 22.8 J/K. Jumla ni takriban −0.8 J/K. Barafu haiyeyuki, na kinachowezekana ni kinyume chake: maji kuganda.

Tazama nini kilibadilika kati ya chumba na friza. Entropia ya maji haikubadilika, wala joto. Kilichobadilika ni uzito wa joto hilo kwa mazingira. Jouli moja ikichukuliwa kutoka kwenye mazingira baridi huyapunguzia entropia zaidi kuliko jouli hiyohiyo ikichukuliwa kwenye mazingira ya moto. Hapo ndipo halijoto inapopata nguvu ya kuamua mwelekeo, na hii T inayogawanya ndiyo itakayotokea kesho kama T inayozidisha katika fomula ya Gibbs.

Mwanafunzi anayeona maji yakiganda, akaona mpangilio wa fuwele unajijenga wenyewe, hudhani kanuni ya pili imevunjwa. Kanuni haisemi entropia ya mfumo lazima iongezeke. Inasema jumla ya mfumo na mazingira haipungui. Kila swali la leo na la siku zinazofuata, andika mistari mitatu: mfumo, mazingira, jumla. Hata kama swali limeuliza mmoja tu. Inachukua nusu dakika, na inaondoa kosa la kwanza katika orodha yako ya Jumatatu.

Alhamisi: nishati huru imetoka wapi

Wengi hukutana na ΔG = ΔH − TΔS kama fomula iliyoshuka tu, ndiyo maana hawajui inapofaa na isipofaa. Leo itoe mwenyewe. Jumla ya entropia ni ΔS ya mfumo ukijumlisha na ΔS ya mazingira. Shinikizo na halijoto visipobadilika, joto linaloingia kwenye mfumo ni ΔH, kwa hiyo mazingira yanapata −ΔH/T. Jumla basi ni ΔS − ΔH/T. Zidisha pande zote kwa −T: unapata ΔH − TΔS. Hicho ndicho Josiah Willard Gibbs alichotupatia katika miaka ya 1870: ΔG ni jumla ya entropia iliyozidishwa kwa −T. Unaangalia vitu vya mfumo peke yake, lakini mazingira yamo ndani, yamebebwa na ΔH.

Hakiki kwa barafu ya jana. Kwa 298 K, ΔG = 6,010 − 298 × 22.0, takriban −550 J. Na −298 ikizidishwa kwa jumla ya jana, +1.84 J/K, inatoa hizohizo −550 J. Ukiona zimekubaliana, ishara nayo haihitaji kukaririwa tena: ΔG hasi maana yake jumla ya entropia ni chanya, maana yake mchakato unaweza kujiendea. Mipaka nayo imeonekana wazi. Fomula hii ilitoka kwenye sharti la halijoto na shinikizo visivyobadilika. Ile gesi iliyokimbilia kwenye ombwe haikuwa chini ya shinikizo lisilobadilika, na ΔG yake usiitumie kuamulia mwelekeo. Tumia jumla.

Sasa chukua mfano mmoja mkubwa na ukae nao hadi kesho. Katika pwani ya Afrika Mashariki mawe ya matumbawe yamekuwa yakichomwa tangu zamani kupata chokaa ya kujengea. Sehemu kubwa ya mawe hayo ni kalsiamu kabonati, na kinachotokea kwenye tanuru ni hiki:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kutoka kwenye jedwali, enthalpia za kuundwa kwa 298 K ni −1,206.9 kJ kwa moli ya CaCO₃, −635.1 kwa CaO na −393.5 kwa CO₂. Mazao ukiondoa kitendanishi, ΔH° ni +178.3 kJ. Entropia sanifu ni 92.9, 39.8 na 213.7 J/K kwa moli kwa mpangilio uleule, na ΔS° ni +160.6 J/K. Ona kwamba karibu entropia yote imetoka kwenye gesi. Ukitaka kukisia ishara ya ΔS kabla ya kukokotoa, hesabu moli za gesi kila upande, na mara nyingi utapatia.

Hapa jedwali lina mtego. Enthalpia ya kuundwa kwa elementi iliyo katika hali yake ya kawaida ni sifuri, na nishati huru ya kuundwa kwake ni sifuri pia. Lakini entropia yake si sifuri. Gesi ya oksijeni ina 205 J/K kwa moli. Entropia hupimwa kutoka kwenye sifuri halisi ya kelvini, si kwa kulinganisha na elementi. Ukikuta mmenyuko wenye O₂ au N₂ na ukaandika sifuri kwenye safu ya entropia, jibu lako limeharibika pale pale.

Kokotoa ΔG° kwa 298 K. Badili 160.6 J/K iwe 0.1606 kJ/K kwanza. Jibu ni 178.3 − 47.9, yaani +130.4 kJ. Jiwe halivunjiki chumbani. Ukisahau kubadili vizio utapata takriban −47,700, na hesabu yako itakuwa inasema mawe ya ukuta wa msikiti mkongwe yanapaswa kujigeuza kuwa unga na gesi yenyewe. Kila ukipata ΔG ya maelfu mengi ya kilojouli kwa mmenyuko mdogo, kosa ni hilo, usitafute jingine.

Halijoto ambapo ΔG° inakuwa sifuri ni ΔH°/ΔS°, yaani 178,300 ÷ 160.6, takriban 1,110 K au 837 °C. Ukipata 1.11 K, ni vizio tena. Vipimo vya maabara hutoa karibu 900 °C, na tofauti hiyo inatokana na kuchukulia ΔH na ΔS hazibadiliki kutoka 298 K hadi juu kote huko. Katika mtihani andika sentensi moja kusema umechukulia hivyo. Watahiniwa wengi huiacha.

Ijumaa: kale kaduara kadogo juu ya G

Tofauti kati ya ΔG na ΔG° ndiyo inayowaangusha hata walioifanya Alhamisi vizuri. ΔG° inazungumzia hali moja tu: kila gesi iko kwenye bar 1, kila mmumunyo kwenye kiwango sanifu. ΔG inazungumzia chombo ulichonacho sasa hivi. Zinaunganishwa hivi:

ΔG = ΔG° + RT ln Q

Kwa tanuru letu, yabisi hazionekani kwenye Q, kwa hiyo Q ni shinikizo la kaboni dioksidi kwa bar. Chukua jiwe kwenye 900 K, chini ya zile 1,110. ΔG° ni 178.3 − 144.5, takriban +33.8 kJ. Mwanafunzi wa haraka ataandika "mmenyuko haujiendei" na kufunga swali. Lakini swali limesema tanuru liko wazi na upepo unapita. Hewa ya kawaida ina kaboni dioksidi yenye shinikizo la bar 0.0004 hivi. Logi asilia yake ni −7.82. RT kwa 900 K ni 7.48 kJ, kwa hiyo RT ln Q ni −58.5 kJ. Jumlisha: ΔG ni takriban −24.8 kJ. Jiwe linaweza kuvunjika, ingawa ΔG° ni chanya.

Sasa ziba tanuru. Gesi inayotoka inajikusanya, Q inapanda, ΔG inapungua ukubwa wake hadi kufika sifuri. Hapo mmenyuko umefika kwenye msawazo, na Q ya wakati huo tunaiita K. Ukiweka ΔG = 0 kwenye fomula ya juu unapata ΔG° = −RT ln K bila kuikariri. Kwa 900 K, ln K ni −4.51 na K ni 0.011. Kwa hiyo ndani ya tanuru lililozibwa jiwe litaacha kuvunjika shinikizo la kaboni dioksidi likifika bar 0.011, jiwe likiwa bado lipo. Kilichozuia ni gesi kukosa pa kwenda, na anayechoma chokaa analijua hilo kwa vitendo anapohakikisha tanuru linapitisha hewa.

Fanya mwenyewe hesabu ya 298 K. Utapata ln K ya −52.6, na K ya kama 1.4 × 10⁻²³. Hewa ina kaboni dioksidi nyingi kuliko hiyo kwa kiasi kisichoelezeka, kwa hiyo mwelekeo ni wa kurudi: chokaa iliyochomwa huvuta kaboni dioksidi hewani. Kwa kila tatizo la aina hii kumbuka mambo matatu, na uyaandike kwenye ukurasa mmoja: ΔG° inanipa K, Q inaniambia niko wapi, na ΔG inaniambia nitaelekea upande gani. Swali likitaja "hali sanifu", ΔG° inatosha. Likitaja shinikizo au ukolezi wa namba nyingine yoyote, linataka Q.

Kuna jambo moja ambalo ΔG haisemi kabisa, nalo ni kasi. Almasi kugeuka grafiti kwa 298 K ina ΔG° ya takriban −2.9 kJ kwa moli, na hata hivyo pete ya almasi haibadiliki machoni pa mtu yeyote. Swali likiuliza "kwa nini mmenyuko hauonekani kutokea ingawa ΔG ni hasi", jibu ni kizingiti cha nishati ya kuanzisha mmenyuko. Usianze kuikagua upya entropia.

Jumamosi na Jumapili

Jumamosi fanya karatasi nzima kwa muda wa mtihani wenyewe, ikiwemo sehemu ambazo si za entropia, saa ikiwa mbele yako. Pumzika, kisha sahihisha kwa zile aina za makosa za Jumatatu. Kosa lililojirudia lifanyie maswali mengine mawili ya aina hiyohiyo, basi. Usifungue mada mpya. Kama mzunguko wa Carnot haumo kwenye muhtasari wako, usiuguse wikendi hii.

Jumapili ni ya swali moja, bila daftari, kwa sababu linakusanya kila kitu na ishara zake zimegeuka kinyume na za chokaa:

N₂ + 3H₂ → 2NH₃

ΔH° ni −92.2 kJ. Entropia sanifu kwa moli ni 191.6 J/K kwa nitrojeni, 130.7 kwa hidrojeni na 192.5 kwa amonia. Kabla ya kikokotoo, hesabu gesi: moli nne zinakuwa mbili, kwa hiyo ΔS° itakuwa hasi. Kokotoa: 385.0 − 583.7, yaani −198.7 J/K. Aliyeandika sifuri kwa elementi atapata +385 na atajua amenaswa kwa sababu ishara imekataana na makisio yake. Kwa 298 K ΔG° ni −92.2 + 59.2, yaani −33.0 kJ. Mfumo umepoteza entropia, mazingira yamepata zaidi kutokana na joto lililotolewa, na jumla ni chanya. Halijoto ya kugeuka ni 92,200 ÷ 198.7, takriban 464 K au 191 °C, na safari hii mmenyuko unajiendea chini ya hapo, si juu yake.

Kisha jieleze kwa maneno kwa nini viwanda vya amonia hufanya kazi kwenye 400 hadi 500 °C, juu ya halijoto hiyo. Chini yake mmenyuko ungekwenda polepole mno hata kukiwa na kichocheo cha chuma. Juu yake ΔG° ni chanya, lakini kiwanda hakifanyi kazi kwenye bar 1. Q ya mmenyuko huu ni shinikizo la amonia kwa kipeo cha 2, ukigawa kwa la nitrojeni ukizidisha na la hidrojeni kwa kipeo cha 3. Ukipandisha kila shinikizo mara 200, juu linakua mara 200² na chini mara 200⁴, kwa hiyo Q inapungua mara 40,000. RT ln Q inashuka, na ΔG inavutwa kurudi upande wa hasi. Ukiweza kuyaandika hayo kwa aya moja bila kuchungulia, funga daftari na ulale mapema.